Sura ya Fonolojia Kwenye Ukurasa Mmoja

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, au wa mwaka wa kwanza chuoni, akifika kwenye sura ya fonolojia hukutana na maelezo ya namna hii: sauti /t/ ni kipasuo si ghuna cha ufizi, sauti /d/ ni kipasuo ghuna cha ufizi, sauti /s/ ni kikwamizi si ghuna cha ufizi. Maelezo hayo huendelea ukurasa baada ya ukurasa. Mwanafunzi anayakariri usiku, anayatapika kwenye mtihani, na wiki mbili baadaye hakumbuki kama /z/ ni kipasuo au ni kikwamizi.

Njia ya kuiweka sura hiyo kichwani, tena ikakaa, ni kuibadilisha umbo. Unaitoa kwenye aya na kuipanga kuwa jedwali la sauti. Kutoka kwenye jedwali unapata jozi za maneno zinazoonyesha tofauti ya sauti moja na nyingine, na kutoka kwenye jozi unatunga mazoezi. Kila hatua inazaa inayofuata, na hatua ya pili huisahihisha ya kwanza. Hapa tutatumia Kiswahili chenyewe, maana msomaji anaweza kujipima papo hapo kwa kinywa chake.

Soma sura ukiwa na penseli. Kila sauti inapotajwa, chini yake andika mambo matatu tu: inatamkiwa wapi, hewa inazuiwa vipi, na nyuzi sauti zinatetemeka au hazitetemeki. Mengine yote yaruke kwanza. Ukimaliza, chora safu kwa kufuata mwendo wa kinywa kutoka mbele kwenda nyuma: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, koo. Halafu chora mistari kutoka kwenye kizuizi kikali kabisa kushuka hadi kwenye sauti ambazo karibu hazizuiwi. Penye sauti mbili ndani ya chumba kimoja, ya kushoto si ghuna, ya kulia ni ghuna. Utapata kitu kama hiki:

| | Midomo | Mdomo na meno | Meno | Ufizi | Kaakaa gumu | Kaakaa laini | Koo |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Vipasuo | p b | | | t d | | k g | |
| Vipasuo-kwamizi | | | | | ch j | | |
| Vikwamizi | | f v | th dh | s z | sh | gh | h |
| Nazali | m | | | n | ny | ng' | |
| Kitambaza | | | | l | | | |
| Kimadende | | | | r | | | |
| Viyeyusho | w | | | | y | | |

Vitabu hupishana kidogo. Wengine huitenga safu ya ufizi na kaakaa kwa ajili ya sh na ch, na wengine huiweka w kwenye kaakaa laini kwa sababu nyuma ya ulimi nayo huinuka inapotamkwa. Usipoteze siku kwa hilo. Fuata kitabu chako, mradi ulichofuata ukifuate mwanzo hadi mwisho.

Penye makosa mengi ni kwenye kuchanganya herufi na sauti. Tahajia yetu huandika sauti moja kwa herufi mbili mara kadhaa: sh, th, dh, gh, ch, ny. Hizo kila moja ina chumba kimoja. Lakini mb ya mbuzi na nd ya ndizi ni nazali iliyofuatwa na kipasuo, kwa hiyo vyumba vyake viko tayari. Mtihani mkubwa ni ng na ng'. Neno ngoma lina nazali ya kaakaa laini halafu g inayosikika wazi. Neno ng'ombe lina nazali ile ile, bila g. Mwanafunzi aliyeweka "ng" kwenye jedwali kama sauti moja amenakili alfabeti. Ndiyo maana ni vizuri kuandika pembeni alama za alfabeti ya fonetiki ya kimataifa, zinazosimamiwa na chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886: th ni θ, dh ni ð, gh ni ɣ, sh ni ʃ, ny ni ɲ, ng' ni ŋ. Huko sauti moja hupewa alama moja, kwa hiyo macho hayakudanganyi.

Suala la ghuna na si ghuna usiliamini kitabu peke yake. Weka vidole viwili kooni, kwenye kongomeo, kisha vuta sauti ndefu: sssss, halafu zzzzz. Kwenye z vidole vitasikia mtetemo, kwenye s hakuna kitu. Fanya hivyo kwa f na v, th na dh. Wengi hushindwa wanapofika kwenye t na d, kwa sababu hutamka "ta" na "da", na irabu a yenyewe ina mtetemo, basi vidole husikia vilevile kote kuwili. Dawa yake ni kuanza na p na b, ukisikiliza kabla midomo haijaachana. Funga midomo kana kwamba unataka kusema "ba" ukaishikilia: kuna mngurumo mdogo ndani. Ishikilie "pa": kimya. Ukishausikia mngurumo huo, wa d na g utautambua bila shida.

Sasa tazama vyumba vitupu. Sh haina mwenzake wa ghuna, na gh haina mwenzake asiye ghuna. Vitabu vingine hujaza nafasi hiyo ya pili kwa kh. Je, iwekwe au isiwekwe? Hapo jedwali peke yake halina jibu, na ndipo jozi zinapoingia.

Wanaisimu huziita jozi za mlinganuo finyu: maneno mawili yanayofanana kwa kila sauti isipokuwa moja, mahali pale pale, na maana zikawa mbili. Wazo la kutambua sauti kwa upinzani wake na nyingine lilijengwa hasa na wanaisimu wa Praha, na kitabu kikuu cha Nikolai Trubetzkoy juu ya misingi ya fonolojia kilitoka mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kipimo chenyewe ni chepesi. Badilisha sauti moja: maana ikibadilika, sauti hizo mbili ni fonimu mbili, kila moja apewe chumba chake. Maana isipobadilika, bado huna ushahidi.

Tuirudie kh. Wapo wanaosema kheri na wapo wanaosema heri, wapo wa khabari na wa habari. Aliyekuambia kheri na aliyekuambia heri wamekutakia jambo lile lile. Kwa Kiswahili sanifu, basi, kh haidai chumba. Ipime gh kwa njia hiyo hiyo. Ghafla si hafla: la kwanza ni jambo la kushtukiza, la pili ni sherehe. Ghali si hali, wala si kali. Gh imejipatia haki yake mbele ya h na mbele ya k.

Ukitafuta jozi kwa kuwaza ovyo utachoka upesi. Chukua kiunzi kimoja cha neno, upitishe sauti za jedwali moja baada ya nyingine mbele yake. Kiunzi cha -oa ni kizuri mno. Chai inapoa. Tunatoa sadaka. Doa limeingia kwenye kanzu. Koa hutambaa bustanini. Choa ni ugonjwa wa ngozi. Tunazoa taka, tunanoa kisu, tunanyoa ndevu, tunang'oa magugu, na nguo ikinyeshewa inaloa. Toa sauti ya mwanzo kabisa, unabaki na oa. Kwa kiunzi hicho kimoja umepata ushahidi wa konsonanti kumi, na noa, nyoa na ng'oa zinakuonyesha nazali tatu za safu tatu zilizopangana. Kwa irabu, jaribu t-ta: tata, teta, tita, tota, tuta. Jambo lenye utata, kuteta na mtu, tita la kuni, kutota majini, tuta la viazi. Irabu zote tano zimeonekana, na hakuna kingine kilichobadilika.

Baada ya hapo fuata majirani. Sauti zinazosumbua watu ni zile zinazokaa chumba kimoja, safu moja au mstari mmoja, kwa hiyo jedwali lenyewe linakuelekeza jozi za kutafuta. Kwa majirani wa chumba kimoja kuna pana na bana, tamu na damu, kamba na gamba, fua na vua, saa na zaa, thamini na dhamini, chana na jana. Kwa vikwamizi vya mstari mmoja kuna thamani na samani, dhana na zana, suka na shuka. Kwa l na r, zinazokaa safu moja ya ufizi, kuna kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura.

Jozi nyingi za wanafunzi huanguka kwa sababu moja: zimetofautiana sauti mbili. Ghali na gari huvutia sana, lakini gh imekuwa g na l imekuwa r, kwa hiyo jozi hiyo haithibitishi lolote. Zingine huanguka kwa sababu neno moja ni la kubuni. Kila neno litafute kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu au nyingine unayoiamini kabla ya kuliandika. Na hesabu sauti, usihesabu herufi: shuka ina herufi tano na suka ina nne, ila zote mbili zina sauti nne.

Hapo una jedwali na jozi zake. Mazoezi yanatoka humo humo, na la kwanza liwe la sikio. Mtafute mtu anayezitofautisha sauti hizo bila kujilazimisha, umrekodi kwa simu akisoma maneno 20 ya jozi moja, mathalani thamani na samani, kwa mpangilio ulioamuliwa kwa kurusha sarafu. Mpangilio wa zamu kwa zamu haufai, kwani msikilizaji ataugundua baada ya maneno manne. Kila neno liwe ndani ya sentensi isiyosaidia: "Sema neno thamani tena." Ukitumia sentensi kama "fundi ameleta samani za mbao", mbao na fundi watatoa jibu, sikio lisifanye kazi yoyote.

Anayesikiliza aandike alichosikia. Kwa kubahatisha tu atapata kama 10 kati ya 20. Kwa hiyo asiyefika mbali na 10 au 12 asijipongeze. Bado hajaisikia tofauti. Akipata 15 au zaidi, bahati peke yake ingemfikisha hapo kama mara mbili katika majaribio mia, basi tunaweza kusema anasikia.

Zoezi la pili ni la kinywa. Mwanafunzi anasoma maneno kutoka kwenye karatasi yake, mwenzake amekaa mbele yake na kadi mbili mezani, anagusa kadi ya neno alilolisikia. Mwenye kugusa asikunje uso wala asisahihishe. Kinachoandikwa ni kilichosemwa na kilichosikika. Tuseme jozi ni kalamu na karamu, kila neno limesomwa mara 10. Kalamu imesikika kalamu mara 9. Karamu imesikika karamu mara 3 tu, na mara 7 imesikika kalamu. Matokeo hayo yanasema jambo mahususi: l yake ni nzima, na r yake ndiyo inayogeuka l. Kumpa mwanafunzi huyu orodha ndefu ya maneno ya l ni kumpotezea muda.

Arudi kwenye jedwali. L na r zina safu moja, ncha ya ulimi iko ufizini kwa zote mbili, tofauti yao ni mstari. Kwenye kitambaza ncha ya ulimi inabaki imegusa na hewa inapita ubavuni mwa ulimi. Kwenye kimadende ncha inagonga ufizi na kuachia, inagonga na kuachia. Aanze na r peke yake kati ya irabu mbili, ara, iri, oro, ndipo aingie kwenye karamu na mahari, kisha apimwe tena kwa kadi zile zile.

Jozi za mazoezi zichaguliwe kwa kuangalia lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Mzungumzaji wa Kijaluo anahitaji jozi za s na sh, kwa kuwa Kijaluo hakina sh. Katika lugha nyingi za Kibantu l na r hazitenganishi maana, kwa hiyo sikio la mtoto halijazoea kuzijali. Th, dh na gh zimekuja zaidi na maneno ya Kiarabu, na sehemu nyingi za bara, hadi Kongo, wengi hutamka s, z na g badala yake. Hakuna aibu yoyote katika hayo. Ni taarifa ya kumsaidia mwalimu kujua aanzie wapi, na inaokoa wiki nzima za kumfundisha mtu asichokosea.

Zoezi la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamfanya mwanafunzi avumbue kanuni badala ya kuisoma. Mpe orodha hii bila maelezo: -baya, habari mbaya; -dogo, nyumba ndogo; -geni, habari ngeni; -pana, njia pana; -tamu, chai tamu; -kali, pilipili kali; -refu, barabara ndefu. Muulize nini kimetokea mwanzoni mwa kila kivumishi.

Ataona kwanza kwamba baadhi zimepata nazali na nyingine hazikupata. Mwambie azitafute kwenye jedwali. Zilizopata ni b, d na g, yaani vipasuo ghuna. Zilizokosa ni p, t na k, vipasuo visivyo ghuna. Mgawanyo alioufanya kwa vidole viwili kooni ndio unaoendesha sarufi ya vivumishi vyake vya kila siku. Kisha muulize kwa nini ni m mbele ya b na n mbele ya d. Ateremke kwenye safu: chini ya b kuna m, chini ya d kuna n, na chini ya g kuna ng'. Nazali imehamia safu ya jirani yake, na ngeni inaanza kwa nazali ile ile ya ng'ombe ingawa tahajia haiwekei kipashio. Kwa -refu na ndefu, r imekuwa d baada ya nazali, na r na d ziko safu moja. Ulimi na ndimi zinaonyesha hivyo hivyo kwa l.

Hapo mpe neno linalokataa: nyumba mpya. P si ghuna, lakini nazali ipo. Mwache ahangaike kidogo. Shina -pya lina silabi moja tu, na mashina mafupi kiasi hicho huishikilia nazali. Kanuni iliyopata mpaka wake hukaa akilini kuliko iliyotolewa ikiwa imekamilika.

Kuna mambo ambayo jedwali hili haliyabebi, na yaandikwe chini yake. Barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa zina sauti zile zile. Ya kwanza mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ya pili uko kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Mbuni ndege ana silabi mbili, mbuni mti wa kahawa una tatu, kwa kuwa m yake inasimama peke yake. Na mwanafunzi wa Mombasa au Lamu anaweza kuuliza mbona paa la nyumba na paa mnyama wameandikwa sawa, wakati kwao mnyama hutamkwa p yenye mpumuo na paa la nyumba halina. Ana haki kabisa. Jedwali la lahaja yake lina vyumba zaidi, na tahajia sanifu haivionyeshi. Mwalimu asimnyamazishe, amwombe atengeneze jedwali la kwao na jozi za kulithibitisha, tena amrekodi bibi au babu akizisoma.

Kwa anayeanza wiki hii, usichukue sura yote. Chukua mstari wa vikwamizi peke yake, uutafutie jozi sita zilizohakikiwa kwenye kamusi, urekodi maneno 20 ya jozi inayokusumbua zaidi. Majibu yaandike kwenye karatasi ya pili, na karatasi hiyo mpe mtu mwingine akutunzie.